Mguu ulipoa kabla ya diski: miezi 3 ya kwanza baada ya upasuaji wa mgongo

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, hapa Tanga. Kwa miaka mingi nilishusha mifuko ya simenti pamoja na vijana wangu, mpaka diski ya chini kabisa ya kiuno, ule mto mdogo kati ya pingili za mgongo unaoandikwa L5-S1 kwenye majibu ya kipimo cha MRI, ilipopasuka na kipande chake kikaukandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguu wa kushoto. Nilivumilia miezi minne ya dawa na mazoezi, mguu ukazidi kuuma na ganzi ikashuka hadi kwenye kidole kidogo. Mwishowe nikapasuliwa Dar es Salaam.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka hospitali wiki hii, mguu umepoa, anajiona mzima. Huyo ndiye ninayemhofia.

Kabla ya kunipasua, daktari alinichorea diski kwenye karatasi: ukuta mgumu kwa nje, kitu kama ute mzito kwa ndani. Alisema ataondoa kipande kilichotoka na vipande vilivyolegea tu, diski yenyewe itabaki. Nikamuuliza lile tundu lililopitisha kipande litashonwa na nini. Akanijibu kwamba kwa kawaida halishonwi. Linajiziba lenyewe kwa kovu, na kovu hilo linahitaji wiki nyingi kukaza. Kumbe nyuzi nilizokuwa nazo mgongoni zilikuwa za ngozi na nyama tu.

Kwa hiyo kuna saa mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Mshipa ukishaachiliwa, maumivu ya mguu yanaweza kuisha siku hiyohiyo. Yangu yaliisha kabla sijatoka wodini. Tundu la diski halijui habari hiyo. Wiki sita za mwanzo ndizo za hatari zaidi, na ndizo wiki ambazo mtu hana maumivu ya kumkumbusha. Ndiyo maana masharti ya kubeba na kuinama yanahesabiwa kwa wiki, hayahesabiwi kwa jinsi unavyojisikia.

Kutembea ndiko kulikoanza mapema kuliko nilivyodhani. Jioni ya siku ya upasuaji muuguzi alinisimamisha nikafika mlangoni na kurudi. Kesho yake nilizunguka korido dakika tano, mara tatu. Wiki ya kwanza, nikiwa nyumbani kwa dada yangu Dar, nilitembea ndani dakika tano kila baada ya saa moja au mbili. Nilikaa kwake hadi nyuzi zilipotolewa siku ya 12, maana safari ya Tanga ni kilomita kama 350 na kukaa ndiko kunakoibana diski. Tulikuja na gari dogo, kiti nimekilaza nyuma kidogo, tukisimama kila dakika 45. Chalinze, Mkata, Segera, Muheza, kote nilishuka nikatembea dakika tano.

Nilipofika nyumbani barabara za Ngamiani zikawa rula yangu. Wenyeji wanajua zinavyokwenda kwa namba. Mimi nakaa Barabara ya 9, na kwa mwendo wangu wa siku zile, kutoka barabara moja hadi nyingine ilikuwa karibu dakika mbili. Wiki ya tatu nilikwenda hadi ya 12 na kurudi, dakika 12, asubuhi baada ya alfajiri na jioni baada ya laasiri jua likipungua. Wiki ya nne nilifika ya 14. Baada ya wiki ya sita nilifika ya 17, nusu saa na zaidi, mara mbili kwa siku. Nilivaa viatu vilivyofungwa, kandambili niliziacha.

Kuongeza kulikuwa na kanuni moja niliyopewa na mama wa fiziotherapia: usiamue jioni, amua asubuhi. Nikiamka mguu uko kama jana, naongeza barabara moja baada ya siku mbili tatu. Nikiamka mguu unauma zaidi ya jana, narudi kwenye barabara ya wiki iliyopita. Uchovu wa nyama za kiuno hausumbui. Kinachoangaliwa ni mguu.

Jambo lililonitesa ni kahawa. Njiani kuna baraza la wazee ninaokunywa nao miaka yote, na viti vyao ni vigoda. Kukaa kwenye kigoda, magoti juu na mgongo umekunjwa, ni kuibana diski kwa mbele ili isukume nyuma, upande uleule wa tundu. Nilikunywa kahawa yangu nimesimama, kashata mkononi, wiki nane. Kwenye kiti cha kawaida nilianza na dakika 20 kisha nasimama. Mkeka niliuacha kabisa, na nilisali juu ya kiti nikiashiria rukuu na sujudu, mpaka wiki ya kumi. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, mke wangu akamwambia fundi aweke kiti cha mbao chenye tundu juu yake. Msiione hii ni kazi ndogo. Kuchuchumaa huku unajikamua kwa sababu dawa za maumivu zimekufunga choo kunaongeza sana mgandamizo kwenye diski. Maji mengi, papai, na kama haitoshi omba dawa ya kulainisha choo mapema.

Sasa uzito. Niliambiwa: wiki sita za kwanza usizidi kilo 2 hadi 3. Kila mgonjwa husikia hivyo na kila mmoja hukisia. Mimi nina mizani ya kupimia misumari, basi nikaagiza vitu vya nyumbani viletwe dukani vipimwe. Birika la chai lililojaa lilifika kilo 3. Ndoo ya lita 10 ikiwa na maji ni kilo 10 na kitu. Mtungi mdogo wa gesi ulioandikwa kilo 6 ulizidi 12, kwa sababu ile 6 ni gesi peke yake, chuma hakijahesabiwa. Mjukuu wangu wa mwaka mmoja, kilo 9. Alikuwa akininyooshea mikono kila nikirudi, nami nikawa nakaa kwanza kwenye kiti, mama yake ndiye anamweka mapajani mwangu.

Lakini kosa langu halikutoka kwenye kitu kizito. Wiki ya tano, kijana wa dukani ametoka, mteja anataka kilo 4 za misumari ya inchi tatu. Mfuko ulikuwa umeshafungwa, uko sakafuni nyuma yangu upande wa kulia. Sikuhamisha miguu. Niligeuza kiwiliwili, nikainama, nikaunyanyua kwa mkono mmoja ulionyooka. Kilo 4 mbali na mwili, mgongo umeinama na umejipinda kwa pamoja. Uzito ulioukumbatia tumboni na uleule ulioushika mbali na mwili si mzigo mmoja kwa kiuno, wa pili unakuwa mara kadhaa. Nilisikia mvuto kiunoni, na usiku maumivu yakashuka tena hadi kwenye shavu la mguu.

Sikulala. Asubuhi nilimpigia simu yule mama wa fizio. Hakunifariji, aliuliza maswali. Maumivu ni kama yale ya kabla ya upasuaji au nusu yake? Nikasema chini ya nusu. "Baba, shika ukuta, simama kwa mguu wa kushoto peke yake, inua kisigino mara kumi." Nikafanya, kumi zikatimia. "Sasa tembea kwa visigino, vidole juu." Nikatembea. Ganzi imepanda au iko palepale? Palepale kwenye kidole kidogo. Mkojo unatoka kama kawaida? Ndiyo. Akaniambia inaelekea mshipa umewashwa, ambao bado ulikuwa na uvimbe wake, na kwamba kama ni kipande kipya kimetoka, maumivu yatapanda badala ya kushuka na nguvu ya mguu itaanza kupungua. Hapo nirudi kwa daktari aamue kuhusu MRI nyingine. Nilirudi Barabara ya 11 kwa siku nne, nikapima kisigino kila asubuhi. Siku ya nane mguu ulitulia.

Jaribio hilo la kisigino na vidole lifanye kila siku, dakika moja tu. Yapo mengine yasiyosubiri asubuhi: ganzi kwenye sehemu za siri na makalio, mkojo kukwama au kujitokea, mguu kulegea ghafla. Hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo hata ikiwa usiku wa manane. Homa, kidonda kutoa usaha au maji, kichwa kinachouma ukisimama na kupoa ukilala, au shavu la mguu mmoja kuvimba, nenda siku hiyohiyo.

Kuhusu kazi, neno "kurudi" linachanganya watu, kwa sababu kazi moja ina kazi nyingi ndani yake. Mimi nilirudi dukani wiki ya nne, kwa muda wa saa mbili tu kila asubuhi, kukaa kwenye kaunta na kusimama. Wiki ya saba nilikaa kutwa nzima. Kupanga rafu za juu ya kiuno nilianza wiki ya tisa, na kilo 5 hadi 8 baada ya fizio kuniona. Kushusha gari la mzigo sikurudi. Mwalimu au karani huweza kurudi kati ya wiki ya pili na ya sita, akipata ruhusa ya kusimama kila mara. Dereva wa bajaji ana mtikisiko na kukaa kwa pamoja, asikimbilie kabla ya wiki sita. Kuli wa bandarini asifikirie mzigo kabla ya wiki 12, na hata hapo aanze na robo ya ule wa zamani.

Shemeji yangu aliyepasuliwa mwaka uliofuata ameajiriwa, na msimamizi wake alimtaka arudi ghalani wiki ya tano "kazi nyepesi" bila kuiandika ni ipi. Nilimwonyesha shemeji Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Siku 63 ni wiki tisa. Akarudi kwa daktari, akaomba cheti kiandike kilo na dakika: asibebe zaidi ya kilo 5, asikae zaidi ya dakika 30 mfululizo, asiiname, hadi tarehe fulani. Karatasi yenye namba ilipokelewa pale ambapo neno "apumzike" lilikuwa limebishaniwa.

Mimi leo nabeba hadi kilo 15, nimeikumbatia, miguu ndiyo inayogeuka. Misumari haikai tena sakafuni. Nimejenga meza ya kimo cha kiuno, na mizani iko juu yake.