Mshororo mmoja kwenye jiwe la bibi

Bibi alipofariki niliambiwa niandike maneno ya jiwe la kaburi, kwa sababu mimi ndiye "wa mashairi" nyumbani. Nikatunga ubeti mzima wa tarbia: mishororo minne, kila mmoja mizani 16. Ulianza hivi: "Bibi mwema na mpole, mkarimu mwenye haya." Mizani imetimia, nane kwa nane, na watu walioketi walitikisa vichwa kwa kuridhika. Fundi wa kuchonga alipoona karatasi akasema jiwe lina nafasi ya mistari minne, kila mstari herufi kama 20. Jina na miaka vinakula miwili. Nimebakiwa na miwili.

Nilikasirika, lakini leo namshukuru. Ukisoma ule mshororo tena, bibi yangu yuko wapi humo? Wema, upole, ukarimu na haya ni sifa za bibi wa kila mtu. Basi ukitunga maneno ya kaburi, yahamishe kichwani hadi jiwe la jirani. Yakikaa vizuri huko pia, yafute. Shida huwa ni hizo sifa tupu, kwa hiyo tafuta kitendo: kitu ambacho marehemu alikifanya mara kwa mara, na ambacho hata asiyemjua anaweza kukiona.

Wagiriki walilijua hili zamani. Wasparta, askari wa mji wa Sparta, walipouawa vitani Thermopilai mwaka 480 KK, waliandikiwa mishororo miwili tu, ambayo kwa kawaida hunasibishwa na mshairi Simonides. Maana yake ni hii: mpita njia, nenda ukawaambie Wasparta kwamba tumelala hapa, tukizitii amri zao. Hakuna neno "shujaa". Wafu wenyewe wanaongea, wanamtuma mtu kazi, na ushujaa unaubaini wewe. Na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, tume ya Uingereza iliyosimamia makaburi ya askari iliziruhusu familia kuongeza maneno yao, mradi yasizidi herufi 66, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Ukijaribu utaona 66 si haba, ila tu usianze kumwaga sifa.

Kwetu, nikawauliza wote swali moja: bibi alikuwa akifanya nini usiku? Niliuliza usiku makusudi, maana ukiuliza "alikuwa mtu wa namna gani" utarudishiwa zile zile sifa. Jibu lilikuwa moja kwa kila mtu. Haizimi taa ya barazani mpaka wa mwisho aingie. Nikaandika:

Taaye hakuizima, hadi wote tumerudi.

Hesabu: ta-a-ye ha-ku-i-zi-ma, nane. Ha-di wo-te tu-me-ru-di, nane. Neno "taaye" ni mkato wa "taa yake", ruhusa ya kishairi inayookoa silabi moja. Na jambo nililolipenda zaidi ni kwamba mshororo unajikata wenyewe katikati: ukwapi ukakaa mstari wa kwanza wa jiwe, herufi 14, utao ukakaa wa pili, herufi 16.

Mjomba hakuridhika. Kwake ushairi bila vina ni maneno tu, akataka mshororo wa pili wa kuitikia -ma na -di. Akautunga papo hapo: "Alale sasa salama, Mola ampe zaidi." Vina safi. Dua ni njema, ila uhamishe hadi jiwe la jirani uone: hauna hata alama ya bibi. Kina kimeuvuta mkono wake hadi maneno yaliyokuwa tayari, na hapo ndipo beti nyingi za makaburi huharibika, mshororo wa kwanza una mtu na wa pili una vina. Tulibishana siku mbili. Nafasi ya jiwe ndiyo iliyoamua, si mimi.

Sasa la kazi. Andika maneno kwa herufi kubwa kwenye karatasi yenye ukubwa wa jiwe, ukionyesha kila mstari unaishia wapi, la sivyo fundi atakata pale nafasi inapokwisha. Wetu alitaka kuanza na "TAA YE", maneno mawili, akidhani nimekosea. Na kama una neno lenye ng', simama mpaka ile alama ya juu ichongwe. Bila yake "aling'ara" inasomeka "alingara", na jiwe halifutiki.

Halafu mpe asiyemjua marehemu asome kwa sauti. Mimi nilimpa huyo huyo fundi. Akasoma polepole, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nani huyo aliyekuwa akichelewa kurudi?"

Mjomba akaninyooshea kidole.