Majani yamechongoka, madoa ya jua ni ya mviringo

*Nikipita kwenye kijia chenye miti naona madoa ya jua ardhini, na karibu yote ni ya mviringo. Majani yenyewe yana ncha na pembe. Huo mviringo unatoka wapi?*

Unatoka kwenye jua lenyewe. Kila doa unalolikanyaga ni picha ya jua. Jua halitufikii kama nukta, lina upana wake angani, na kila sehemu ya uso wake hupitisha mwanga kwenye mwanya ule ule kati ya majani kwa pembe yake. Mwanga wa ukingo wa juu wa jua hutua chini kidogo, wa kushoto hutua kulia, na vyote vikijumlishwa unapata duara. Mwanya ukiwa mdogo, umbo lake halina nguvu tena.

Jaribu mwenyewe. Kata tundu la mraba la milimita 3 kwenye kadi ngumu. Ishike kadi karibu kabisa na ardhi, utaona mraba. Inyanyue taratibu hadi usawa wa kifua: pembe zinalainika, kisha zinapotea, na mbele yako kunabaki kiduara. Wayunani wa kale walijiuliza jambo hili hili kuhusu mwanga unaopenya kwenye kazi za ususi, na mwanaastronomia Johannes Kepler akaja kulieleza vizuri mwaka 1604. Mimi nimelijaribu mara nyingi na bado nafurahi kila pembe zinapoyeyuka.

*Chini ya mti mmoja mengine ni madogo, mengine makubwa. Kuna kanuni?*

Ipo, na inapendeza. Upana wa doa ni umbali kutoka mwanya hadi ardhini, ugawanye kwa 107 hivi. Mwanya ulio mita 5 juu, jua likiwa utosini, hutoa doa la karibu sentimita 4.7. Ulio mita 10 juu hutoa la sentimita 9.3. Kwa hiyo madoa madogo yametoka kwenye matawi ya chini, na makubwa kwenye kilele.

Unaweza kugeuza hesabu ukapata urefu wa mwanya bila kupanda mti. Tuseme ni saa kumi alasiri, jua limeinama, na madoa yamerefuka kama mayai. Unapima moja: upana sentimita 9, urefu sentimita 18. Upana ndio ukubwa halisi wa picha ya jua, urefu umetokana na mwanga kutua kwa mshazari. Zidisha sentimita 9 kwa 107, unapata mita 9.6, ambao ni umbali ule uliosafiri mwanga kwa mshazari. Sasa gawanya upana kwa urefu, yaani 9 kwa 18, unapata nusu. Nusu ya mita 9.6 ni mita 4.8, na huko ndiko mwanya uliko juu ya ardhi.

Wengi hukosea kwa kuchagua doa linalong'aa kuliko yote. Hilo limepitia mwanya mkubwa, na upana wa mwanya umejiongeza kwenye picha, kwa hiyo utapata mti mrefu kuliko ulivyo. Chagua doa hafifu, lililo peke yake, lenye umbo safi. Likiwa na kona au kiuno, ni madoa mawili yaliyopandana, liache.

*Upepo mwanana ukipita, mengine yanateleza na kurudi, mengine yanafifia palepale bila kusogea. Kwa nini hayaendi pamoja?*

Kwa sababu mwanya si kitu chenyewe, ni nafasi kati ya majani. Tawi zima likiyumba, majani yanayozunguka mwanya huenda pamoja, na doa husogea kadiri mwanya ulivyosogea. Mwanya ukienda sentimita 10 pembeni, doa nalo linaenda sentimita 10. Lakini jani moja likitikisika peke yake hufunika nusu ya mwanya, kisha robo tatu. Hapo tazama kwa makini: doa halipungui ukubwa. Linabaki na duara lake lile lile na kufifia tu, kama taa inayopunguzwa, kwa kuwa mwanya mdogo bado unatoa picha ya jua zima, ila kwa mwanga kidogo.

Jua likiwa chini huwa kuna mchezo zaidi, kwa sababu jani linalopanda na kushuka hulisukuma doa mbali zaidi kuliko lilivyosogea lenyewe. Na hata upepo ukikatika kabisa, madoa hayatulii. Jua husogea angani upana wake mmoja kwa dakika 2 na kidogo, hivyo kila doa husogea kiasi hicho pia. Weka kijiti kwenye ukingo wa doa, subiri, na utaliona limehama.

*Namtazama mtu akipita peke yake kivulini. Madoa yanampanda mwilini na kubadilika. Au ni macho yangu?*

Macho yako yako sawa. Anachopita si madoa, ni mihimili ya mwanga iliyoinama, na doa la ardhini ni mwisho tu wa mhimili. Akielekea upande wa jua, mhimili humgusa kwanza miguuni, kisha doa hupanda magotini, tumboni, hadi usoni. Akilipa jua kisogo, huanzia kichwani na kumshuka mgongoni. Jua likiwa nyuzi 45, doa humpanda kwa kasi ile ile anayotembea nayo. Karibu na adhuhuri mihimili imesimama wima, na madoa humgusa kichwani na mabegani kisha yanampita.

Ukubwa nao hubadilika kweli. Chukua ule mwanya wa mita 5, jua utosini. Ardhini doa lina sentimita 4.7. Begani, mita 1.4 juu ya ardhi, ameukaribia mwanya na doa ni sentimita 3.4 tu. Mwanga ule ule umebanwa mahali padogo, kwa hiyo unang'aa karibu mara mbili. Ndiyo maana bega la shati jeupe humulika ghafla, huku kijia kando yake kikionekana kimepoa. Kwa matawi yaliyo karibu na kichwa utaona pia umbo la mwanya likianza kurudi: doa la usoni huwa na pembe ambazo la chini halina.

*Nikimrekodi kwa simu, picha inang'aa na kuwa giza kila hatua.*

Simu inajirekebisha upya kila doa linapopita usoni. Kabla hajaanza kutembea, bonyeza kwa muda mahali penye doa la jua hadi mwanga ujifunge, kisha rekodi. Kivuli kitakuwa na giza kiasi, lakini madoa yatabaki na umbo. Ukipimia kivulini, madoa yanakuwa mabaka meupe matupu na hakuna namna ya kuyarudisha baadaye.

*Ni kweli jua likipatwa madoa hubadilika?*

Kweli kabisa. Mwezi unapoingia mbele ya jua, kila doa chini ya mti huwa hilali, mamia kwa pamoja, na hutikisika upepo ukija. Hilali hizo zimepinduliwa: upande ulioumwa juani huonekana upande wa pili ardhini, kwa sababu mihimili hupishana kwenye mwanya. Kupatwa kwa jua ambako mwezi huacha ukingo wa jua ukionekana pande zote hugeuza madoa kuwa pete. Yatazame ardhini, au kwenye mgongo wa mtu anayepita, na usiinue macho kulitafuta jua kati ya majani.