Namba zimefutika? Usikimbilie "Undo changes"

Msimu wa korosho ukianza huku Mtwara watu wengi hunifuata na simu wananiambia kaka namba zangu zote zimepotea, na mara nyingi hazijapotea, zipo kwenye akaunti ya Google zinasubiri, ila zinasubiri siku 30 tu toka zifutwe, zikipita hizo bas.

Kuna jamaa wa Masasi anakusanya korosho, mtoto alichezea simu akamfutia namba kibao za wakulima. Jamaa akakaa kama wiki hivi akiendelea na kazi huku akisevu namba mpya za madereva na watu wa maghala. Alipokuja kwangu alishaelekezwa na mtu abonyeze Undo changes arudishe hali ya wiki iliyopita, nikamwambia subiri kwanza mzee. Hiyo kitu hairudishi zilizofutwa peke yake, inarudisha orodha nzima ilivyokuwa siku ile, kwahiyo na zile namba mpya za madereva zingeondoka.

Tulichofanya, tukafungua contacts.google.com kwenye brauza, tukahakikisha ni ile akaunti yake maana simu ilikuwa na mbili, tukaingia Trash. Majina yote yalikuwa pale na kila jina linaonyesha lilifutwa lini, tukayatiki ya siku ile tu tukabonyeza Recover. Za madereva hazikuguswa. Kuna wawili watatu alikuwa amewafuta mwenyewe kwa hasira zake siku nyingine, hao tukawaacha humohumo 😂

Undo changes ina kazi yake, mfano umeunganisha majina yakavurugika au umeingiza faili la namba likaharibu kila kitu, hapo Trash haikusaidii kwasababu hakuna kilichofutwa. Inakupa kuchagua dakika 10 zilizopita, saa moja, jana, wiki au muda wako mwenyewe ndani ya siku 30. Ila kabla hujaigusa bonyeza Export upate nakala ya orodha ya sasa, ili namba mpya uje kuzirudisha kwa Import.

Sasa kama Trash ni tupu na jina hulioni kabisa, angalia akaunti nyingine kwanza. Ukikosa na huko, huenda ile namba ilikuwa imesevishwa kwenye laini au kwenye simu yenyewe, haikuwahi kufika Google, na hapo huo muda wa siku 30 haukuhusu.

Kalenda nayo ina Trash yake, ila kwenye app ya simu utaitafuta mpaka uchoke. Fungua calendar.google.com kwenye kompyuta, au kwenye brauza ya simu uweke Desktop site, bonyeza kile kigurudumu cha settings halafu Trash. Kila kalenda ina Trash yake, kwahiyo kama kikao cha chama kilikuwa kwenye kalenda ya pamoja chagua hiyo kalenda pale pembeni, na uwe na ruhusa ya kuihariri, kama huna mwombe aliyekushirikisha akirudishe yeye.