Ofa za Wikiendi: Ninunue Leo au Nisubiri Kesho?

"Kila asubuhi ya wikiendi supamaketi hutangaza ofa mpya, na bidhaa ni chache. Ninunue ya leo au nisubiri ya kesho?"

Ndugu, kama kitu kilikuwa tayari kwenye orodha yako ya manunuzi, kinunue leo, kwa sababu ofa ya kesho huenda ikahusu bidhaa nyingine kabisa. Kwanza muulize mhudumu kama ofa ya leo itaendelea kesho, na kama idadi iliyotajwa ni ya tawi hilo au ya matawi yote, maana idadi inayoonekana kubwa kwenye tangazo ikigawanywa kwa matawi mengi hubaki kidogo sana.

Uchache huo ndio unaotufanya tusilinganishe vipimo. Chukua mfano wa sabuni ya unga: pakiti ya ofa imepunguzwa bei kwa asilimia 20, lakini ina gramu 800, ilhali ile ya kawaida ina gramu 1,000. Hapo bei ya kila gramu haijapungua hata kidogo, na hakuna sababu ya kupanga foleni. Ukifika kwa keshia, hakiki bei kwenye skrini kabla hujalipa, kwani wakati mwingine lebo ya rafuni hubadilishwa mapema kuliko mfumo.