Lile swali la kukata pembe nne: x ikitoka mbili usikimbilie kuandika zote

Nyie mnaoanza difrensiesheni, hili swali la boksi lisilo na mfuniko mtakutana nalo tu, na wengi wanapoteza maksi kwa kitu kidogo sana.

Chukua bati la sm 80 kwa sm 50. Unakata miraba minne sawa kwenye pembe, kila upande sm x, halafu unakunja kingo juu, na swali linataka x itakayotoa boksi lenye ujazo V mkubwa kuliko yote. Hapa ndo watu wanaanza kuteleza, wanaandika 80 - x. Chora kwanza jamani, kila upande wa bati umekatwa huku na huku, kwa hiyo urefu wa kitako ni 80 - 2x, upana 50 - 2x, kimo ndo hiyo x yenyewe. Na kabla hujagusa kitu kingine andika pembeni kwamba x iko kati ya 0 na 25, maana ukikata 25 kila upande ile 50 imeisha, hakuna boksi.

V = x(80 - 2x)(50 - 2x) = 4x³ - 260x² + 4000x

Difrenshieti, weka sawa na sifuri, gawanya kwa 4, unabaki na 3x² - 130x + 1000 = 0. Unapata x = 10 au x = 33.3 hivi. Sasa mtu anaona 33.3 ni kubwa anadhani ndo itatoa boksi kubwa, au anaandika zote mbili ili msahihishaji achague mwenyewe (hachagui, anakata). Irudishe kwenye upana uone, 50 - 66.7 ni hasi, bati gani hilo? Inabaki 10, boksi ni 60 kwa 30 kwa 10, yaani sm³ 18,000, lita 18.

Derivativu ya pili, 24x - 520, kwenye 10 inatoa -280, hasi, kwa hiyo ni kilele kweli. Ila mi napenda pia kujaribu namba za jirani kwa kalkuleta: x = 9 inatoa 17,856 na x = 11 inatoa 17,864, zote chini kidogo ya 18,000. Ona zilivyo karibu lakini, pale kileleni grafu inakuwa kama tambarare, fundi akikosea sentimita nzima hapotezi hata asilimia moja ya ujazo. Akikata 20 ndo balaa, zinabaki lita 8 tu.

Na kama huna uhakika na jibu lako, bati likiwa mraba x huwa ni upande gawanya kwa 6, likiwa refu sana kupita upana x inasogelea upana gawanya kwa 4, mistatili mingine yote inaangukia katikati. Kwa hili letu ni kati ya 8.3 na 12.5, ukipata 15 rudi kwenye kwadratiki yako, kuna alama umeigeuza.