Maandishi ya Kiswahili yanapita haraka kuliko ya Kiingereza

"Nina video ya wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba. Maandishi ya Kiingereza yanasomeka vizuri, ya Kiswahili yanapotea kabla mtu hajamaliza, na muda ni uleule. Ninakosea wapi?"

Habari ndugu. Angalia kwanza kama unahesabu maneno. "Hawajakauka" ni neno moja, lakini Kiingereza kinahitaji maneno manne. Hesabu herufi, pamoja na nafasi na alama. Mimi hulenga herufi 17 kwa sekunde, mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42.

Tuseme mama anaongea sekunde 4: "Mvua ikinyesha kabla dagaa hawajakauka, tunawauza kwa bei ya chakula cha kuku." Ukiigawa kwenye mkato, ni herufi 77, yaani zaidi ya 19 kwa sekunde. Kama baada yake kuna kimya, ongeza nusu sekunde tu, usiguse maneno yake. Kama mwingine anadakia hapohapo, punguza:

```
00:00:12,000 --> 00:00:16,000
Dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka,
tunawauza kama chakula cha kuku.
```

Hapo ni 68, sawasawa na 17 kwa sekunde. Bei imebaki kueleweka yenyewe.

Mstari ukatwe maana inapopumzika. Usiache "cha" ikining'inia mwishoni na "kuku" chini. Jicho linarudi juu kutafuta kilichotangulia. "Alikuwa anaanika" nayo isitenganishwe. Kwa hiyo usikate mistari palepale faili la Kiingereza lilipokata, kila lugha ikatwe kivyake.