Maswali ya wasomaji: sauti haina kosa, picha ndiyo iliyohama

Nilirekodi harusi Kakamega kwa simu, klipu moja ya dakika 40. Mwanzo sauti na midomo viko sawa, lakini mwishoni mzee amefunga mdomo na sauti bado inasikika. Shida ni nini? — Fundi wa video, Kakamega

Angalia kwanza saa ambayo mambo yalianza kuharibika. Naamini ni pale jua liliposhuka na hema likawa giza. Simu ikiahidi fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ina nafasi isiyozidi sehemu moja ya 30 ya sekunde kuingiza mwanga. Giza likizidi, kamera iliyoachwa ijiamulie huiacha kila fremu wazi kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo fremu za sekunde hiyo hupungua. Simu iliyopata joto au iliyolemewa na kazi nyingine pia huruka fremu. Sauti haijui habari hizo. Yenyewe inarekodiwa kwa mwendo uleule, kwa kawaida sampuli 48,000 kila sekunde, kuwe na mwanga au giza.

Simu haidanganyi kuhusu jambo hili. Ndani ya faili kila fremu imeandikiwa wakati wake wa kuonyeshwa. Kosa linaingia pale programu ya kuhariri inapopuuza nyakati hizo na kuzipanga fremu kwa umbali sawa, kana kwamba zote zilipigwa 30 kwa sekunde.

Tupige hesabu. Dakika 40 ni sekunde 2,400, na kwa fremu 30 kila sekunde ungetarajia fremu 72,000. Tuseme dakika 30 za kwanza nje juani zilitimia zote 54,000, halafu dakika 10 za hemani zikapungukiwa na fremu 240. Faili lina fremu 71,760. Zipange 30 kwa sekunde, utapata sekunde 2,392. Picha imefupika kwa sekunde 8 na sauti bado ina 2,400. Ndiyo maana mzee anafunga mdomo kabla maneno yake hayajaisha. Na kwa kuwa fremu zote zilizokosekana ni za hemani, nusu saa ya kwanza haina kasoro hata kidogo.

Kuthibitisha, fungua faili la asili kwa programu ya MediaInfo. Ukiona `Frame rate mode: Variable`, na kasi ya chini ya fremu ikiwa mbali na ya juu, umepata ugonjwa.

Mbona ikichezwa kwenye simu haina tatizo? — Busia

Kwa sababu kichezaji cha simu kinasoma nyakati zilizoandikwa kwenye fremu na kuzifuata.

Mimi huwa nabana sauti kidogo mpaka ilingane na picha mwishoni. Lakini katikati inakataa. Nibane kwa asilimia ngapi? — Nakuru

Swali hili limekuja tena na tena, na kila mara jibu langu ni lilelile: acha kuigusa sauti. Sauti ndiyo shahidi wa kweli wa tukio. Muda wake haujapotea popote. Kilichohama ni picha.

Rudi kwenye hesabu ya Kakamega. Ukibana sauti yote kutoka sekunde 2,400 hadi 2,392, mwisho utalingana. Lakini neno lililosemwa kwenye dakika ya 30, ambapo picha ilikuwa bado sahihi, sasa litasikika kwenye sekunde ya 1,794 badala ya 1,800. Umeondoa sekunde 8 mwishoni na kuunda sekunde 6 za kosa mahali palipokuwa pazima. Hakuna asilimia itakayokuokoa, kwa sababu upungufu haukuenea sawa. Kuna programu zinazofanya kosa hilohilo zenyewe: zinachukua kasi ya wastani, hapa 29.9, na kuitumia kwa klipu nzima. Ukiona mwanzo na mwisho vinalingana lakini katikati midomo imepotea, hicho ndicho kilichotokea.

Dawa ni kuligeuza faili la asili liwe na kasi thabiti kabla halijaingia kwenye programu ya kuhariri. Kigeuzi kinasoma nyakati za fremu, na pale palipo na pengo kinarudia fremu iliyotangulia. Zile 240 zitajazwa hemani, zilikokosekana, na jicho ni nadra kuzigundua. Kwenye kigeuzi cha HandBrake, nenda sehemu ya `Video`, chagua 30 na `Constant Framerate`. Usiache `Same as source` ukidhani inatosha. Andika kasi unayoitaka.

Na tafadhali, msifute faili la simu mkishahariri. Video ikishatoka kwenye programu ikiwa imekosewa, nyakati za asili hazimo tena, na hakuna kigeuzi kitakachozibuni. Nimeona familia zikipoteza hotuba ya mazishi namna hiyo, na marehemu hazikwi mara mbili.

Nimegeuza kwa ffmpeg, MediaInfo inasema Constant, lakini bado inahama. Nimeandika `ffmpeg -r 30 -i kwaya.mp4 kwaya2.mp4`. — Kisumu

Asante kwa kunionyesha amri yenyewe. Wengi huandika tu "imekataa". Umeweka `-r 30` kabla ya `-i`. Hapo inaiambia ffmpeg ipuuze nyakati zote za fremu na kuziona fremu kama 30 kwa sekunde. Yaani kosa la programu ya kuhariri umelifanya mwenyewe mapema, na sasa limegandishwa ndani ya faili. Iweke baada:

```
ffmpeg -i kwaya.mp4 -fps_mode cfr -r 30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a pcm_s16le kwaya_cfr.mov
```

Kwenye matoleo ya kabla ya 5.1, andika `-vsync cfr` badala ya `-fps_mode cfr`. Anza na faili la simu, siyo `kwaya2.mp4`. Ukimaliza, linganisha urefu wa picha na wa sauti. Uwe sawa, au utofautiane kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Sauti yangu imechelewa nusu sekunde tangu mwanzo hadi mwisho, haiongezeki. Nigeuze? — Bungoma

Hapana. Kuchelewa kusikoongezeka ni jambo jingine, mara nyingi maikrofoni ya bluetuthi. Sogeza sauti ianze nusu sekunde mapema zaidi, basi.

Nifanyeje nisipate shida hii tena? Na mteja akinitumia klipu kwa WhatsApp? — Siaya

Ongeza mwanga. Taa moja yenye nguvu mbele ya msemaji itasaidia kuliko programu yoyote ya bei ghali. Kwenye iPhone, nenda `Settings`, `Camera`, `Record Video`, uzime `Auto FPS`. Kwenye Android, tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga muda wa mwanga wewe mwenyewe, na usizidishe sehemu moja ya 50 ya sekunde. Hata hivyo pima klipu ya majaribio kwa MediaInfo, maana zipo simu ambazo bado huyumba kidogo. Klipu ndefu igawe: simamisha rekodi kati ya hotuba na hotuba, ili kosa likitokea lisirundikane kwa dakika 40.

Klipu iliyotumwa kama video ya kawaida ya WhatsApp imeshabanwa upya. Mwambie mteja aitume kama `Document`, au alete simu uinakili kwa waya.